Uzi: Jedwali la prompti kwa video ya kuzalishwa (sini, muda, prompti, setingi, jina la faili), mnalipangaje?

mtunza_klipu

Wakuu, salaam. Nina kazi ya video ya sekunde 30 kuhusu karafuu za Pemba, kuanzia zinapochumwa hadi zinapofungwa kwenye gunia. Ni sini tano zenye shoti kumi na moja, na zote nazizalisha kwa modeli ya Wan 2.2 ndani ya programu ya ComfyUI, kutoka maandishi kwenda video.

Jedwali langu kwenye Google Sheets lina safu tano tu: namba ya sini, muda, prompti, setingi, jina la faili. Sasa kila shoti ina majaribio manne au matano, folda imejaa `ComfyUI_00001_.mp4` na ndugu zake, na mteja anasema anataka "ile ya mikono, ya pili". Maswali yangu ni matatu. Mstari mmoja uwe sini moja, shoti moja au jaribio moja? Safu ya muda iandikwe muda upi? Na setingi zote zikae kwenye seli moja au nizigawe?

Mzee Kamera

Hiyo kijana inaitwa orodha ya shoti, tumeitumia miaka yote. Ongeza safu ya lenzi, safu ya taa, safu ya nani anashika kamera na saa ya kuitana. Mteja akisema "ya mikono" unaangalia ripoti ya siku ile unajua ni kadi ipi.

mtunza_klipu

Shikamoo mzee. Hapa hakuna kamera, picha zote zinatoka kwenye modeli. Hakuna kadi wala siku ya kupiga.

Mzee Kamera

Marahaba. Basi lenzi mnaiweka wapi?

Bi Shoti

Lenzi inaingia ndani ya prompti, mzee, kama maneno. Ila hoja yako ya ripoti ya siku ile ndiyo jibu la swali lake la kwanza, umeipata bila kutaka.

Mtunza_klipu, mstari mmoja ni jaribio moja. Si sini wala shoti. Kila unapobonyeza kitufe cha kuendesha, jedwali linapata mstari mpya, na mstari ukishatoa video haubadilishwi tena. Ukitaka kubadilisha neno moja la prompti, unanakili mstari mzima, unaubandika chini, unaongeza namba ya toleo, kisha ndiyo unagusa hilo neno. Watu wengi wana mstari mmoja kwa kila shoti na wanafuta prompti ya zamani wanapoandika mpya. Matokeo yake jedwali linaeleza jaribio la mwisho tu, wakati mteja amechagua la pili, na la pili halina prompti tena popote.

Kwa hiyo safu zako tano ziwe kama kumi. A sini, B shoti, C toleo, D sekunde, E fremu, F prompti, G setingi, H `seed`, I jina la faili, J hukumu. Usiogope wingi, nusu yake zinajijaza zenyewe kwa fomula.

Namba za sini zipe nafasi: S010, S020, S030. Mteja akitaka sini mpya katikati, inaingia S015 na hakuna faili hata moja inayobadilishwa jina. Na sifuri za mbele ni za lazima, la sivyo kompyuta itazipanga S1, S10, S2.

nguli_255

Wakuu mnazidisha. Andika `seed` na prompti, basi. Ukiwa na `seed` unaipata video ileile wakati wowote. Mimi nahifadhi `seed` tu kwenye jina la faili, kazi imeisha.

Bi Shoti

Nusu yake ni kweli, nguli. `seed` ndiyo inayoamua ule mchanga wa mwanzo, yaani chembe za nasibu, ambao modeli inaanza kuusafisha. Lakini umbo la huo mchanga linatokana na upana, urefu na idadi ya fremu. `seed` ileile kwa fremu 57 na kwa fremu 81 ni video mbili tofauti, si moja iliyorefushwa. Badilisha 832x480 iwe 1280x720, mkono uliokuwa kushoto unaweza kuwa kulia. Badilisha faili la modeli kutoka fp16 kwenda fp8, vitu vidogo vinahama. Hata kadi ya picha ya aina nyingine inaweza kuleta tofauti ndogondogo. Ndiyo maana `seed` peke yake bila safu ya fremu na safu ya setingi haikurudishi ulikotoka.

Na hapo kwenye ComfyUI kuna mtego mwingine. Kile kisanduku cha `control_after_generate` kikiwa kwenye `randomize`, namba inabadilika mara tu unapotuma kazi kwenye foleni. Namba unayoiona kwenye skrini video inapotoka ni ya kazi ijayo. Mtu anainakili kwenye jedwali, wiki ijayo anaijaribu, anapata video nyingine kabisa, anadhani modeli imeharibika. Weka `fixed`, halafu namba uiandike kwanza kwenye jedwali ndipo uipeleke kwenye ComfyUI, si kinyume chake. Jedwali liwe chanzo. Kwenye `fixed`, ukibonyeza tena bila kubadilisha chochote, ComfyUI haitafanya kitu, na hiyo si hitilafu: imeona hakuna jipya.

Wan 2.2 ya 14B ina visampuli viwili, cha modeli ya `high_noise` na cha `low_noise`. Kwenye kiolezo cha kawaida ni cha kwanza tu ndicho kinachoongeza mchanga, kwa hiyo `noise_seed` ya kwanza ndiyo ya kuandika.

nguli_255

Hilo la `randomize` sikulijua. Ila `seed` kwenye jina la faili nitaendelea nayo, inasaidia.

seli_na_safu

Iache kwenye jina kama unapenda, ila kwenye jedwali iwe maandishi, si namba. Namba za `seed` ambazo ComfyUI inajichagulia zinafika hadi 1125899906842624, yaani tarakimu 16. Excel inashika tarakimu 15, ya 16 inageuzwa sifuri kimyakimya. Nyingi zitakuwa na tarakimu 15 na kupona, kwa hiyo hutaliona tatizo mpaka ikutokee ile moja ambayo ni muhimu.

Kibaya zaidi ni pale seli inapoonyesha kitu kama `1.03E+15`. Ukihifadhi kama CSV, kinachoandikwa ni hicho kinachoonekana, na namba kamili imepotea. Chagua safu yote ya H, fomati iwe maandishi matupu kabla ya kubandika chochote. Ukibadilisha fomati baadaye, tarakimu iliyokwisha kupotea hairudi.

Jambo hilohilo kwa sini. Ukiandika sini ya tatu shoti ya pili kama `3-2`, jedwali litaisoma kama tarehe na kukuandikia mwezi. Ndiyo maana S030 na P02 kwenye safu mbili, zikiwa na herufi mbele, hazina ugomvi.

mtunza_klipu

Nimeshaweka H kuwa maandishi. Sasa muda. Sini ya kuchambua karafuu inahitaji sekunde 2.5 kwenye hariri. Niandike 2.5, au 5 kwa sababu kiolezo kimekuja na fremu 81?

Bi Shoti

Andika zote mbili, kwenye safu mbili. D ni sekunde unazozihitaji kwenye hariri. E ni fremu utakazoiambia modeli.

Wan 2.2 ya 14B inatoa fremu 16 kwa sekunde, na idadi ya fremu lazima iwe mara nne ya kitu, jumlisha moja: 49, 53, 57, hadi 81. Sababu ni kwamba modeli inabana fremu nne nne pamoja, na ya kwanza inakaa peke yake. Ukiandika 60, kisanduku cha `length` kitakusogezea kwenye namba iliyo karibu, na jedwali lako litakuwa linasema uongo.

Kwa hariri ya sekunde 2.5 ongeza nusu sekunde kila upande, kwa sababu fremu za mwanzo mara nyingine zinakuwa zimeduwaa, na mhariri anahitaji pa kukata. Inakuwa 3.5. Mara 16 ni 56, na namba inayokubalika iliyo juu yake ni 57. Fomula ya E ni hii, D5 ikiwa sekunde za hariri:

```
=4*ROUNDUP(((D5+1)*16-1)/4,0)+1
```

Kwa nini usizalishe 81 kila mara uwe na ziada? Unaweza, lakini unalipa muda wa kadi kwa fremu 24 za kutupa, mara majaribio matano, mara shoti kumi na moja. Na modeli inagawanya kitendo kwenye muda wote uliopewa. Ukiomba mikono ichambue kwa sekunde tano kisha ukate mbili na nusu, unaweza kukuta kitendo chenyewe kilikuwa kinaanza pale ulipokata.

Sauti ya Pwani

Niaje wadau, nasoma kutoka Mombasa. Mimi situmii kompyuta yangu, natumia Veo 3.1 kupitia API. Hapo hakuna mambo ya fremu, unachagua sekunde 4, 6 au 8 na ndiyo hivyo. Nikitaka sekunde 2.5 natoa 4 halafu nakata. Kwangu safu ya E nimeigeuza kuwa "kipande kinachofaa": nimeandika kwa mfano `0.6-3.1`. Ile siku ya kuunganisha sitazami klipu upya.

Swali langu, `seed` kwa Veo niandike ama niachane nayo?

nguli_255

Andika, ni kitu kilekile.

Bi Shoti

Si kilekile. Kwa Veo unaweza kuituma, ila maelezo yao wenyewe yanasema haihakikishi matokeo kurudi vilevile, inasogeza tu karibu kidogo. Iandike, haigharimu, lakini usimuahidi mteja kwamba utaitoa klipu ileile tena. Kwako wewe kitu cha kulindwa ni faili lenyewe. Video zinazotoka kwenye hiyo API zinakaa kwenye seva yao siku mbili tu kisha zinafutwa. Safu ya jina la faili ijazwe siku hiyohiyo uliyoshusha, na jina libadilishwe kabla ya kushusha la pili.

Hiyo safu ya kipande kinachofaa nimeipenda. Mtunza_klipu, iongeze na wewe.

Sauti ya Pwani

Poa, nimeelewa. Asante dada.

mtunza_klipu

Tuje kwenye setingi. Nina visampuli viwili, hatua, `cfg`, `shift`, LoRA, vipimo. Seli moja imekuwa ndefu kuliko prompti.

Bi Shoti

Usiandike setingi kwenye mstari. Andika jina la setingi. Fungua shiti ya pili uiite Setingi, na kila mpangilio uupe kodi yake, yaani jina fupi la kuutambua. Kwa kazi yako mbili zinatosha kuanzia:

```
W22-A | 832x480 | 16 fps | 10+10 steps | cfg 3.5 | euler/simple | shift 8
W22-H | 832x480 | 16 fps | 2+2 steps | cfg 1 | euler/simple | shift 5 | LoRA lightx2v
```

Kisha kwenye shiti hiyohiyo safu ya jina kamili la faili la modeli, mpaka kwenye neno `fp8_scaled` kama lipo. Kwenye jedwali kuu, safu ya G inaandikwa W22-A, basi. Sheria yake ni kwamba kodi ikishatumika haibadilishwi. Ukigusa `cfg` kutoka 3.5 kwenda 4, hiyo ni W22-B.

W22-H ni ya haraka, ya kuangalia kama wazo linafanya kazi. Faida ya kodi utaiona hapa: kwenye `cfg` 1 prompti hasi haifanyi kazi hata kidogo. Nimeona watu wanaongeza maneno kwenye prompti hasi, vidole vya ziada haviondoki, wanaongeza tena. Kwenye jedwali lenye kodi unaona mara moja kwamba matoleo yote manne ni W22-H, kwa hiyo kilichokuwa kinabadilishwa hakikuwa kinasomwa.

Prompti hasi nayo ipe kodi, N1, N2. Kwa wengi ni ileile kazi nzima.

seli_na_safu

Na mhusika. Kama mama anayechambua karafuu anaonekana kwenye shoti nne, maelezo yake yawe shiti ya tatu, seli moja, na prompti ya kila mstari iyaunganishe:

```
=Wahusika!$B$2&" "&K5
```

K ni safu ya kitendo cha shoti hiyo tu. Hapo neno la rangi ya kitambaa chake haliwezi kuandikwa tofauti kwenye shoti mbili.

Bi Shoti

Nakubali nusu. Hatari yake ni hii: siku utakayobadilisha B2, prompti za mistari yote ya zamani zinabadilika nayo, pamoja na zile zilizokwisha kutoa video. Historia imeandikwa upya na hakuna aliyekuambia. Tumia fomula kuandaa, lakini kabla ya kubonyeza kitufe, nakili seli ya F na uibandike palepale kama thamani, Ctrl+Shift+V. Fomula inaondoka, maandishi yanabaki yalivyokuwa siku ile.

seli_na_safu

Hapo umenishika. Kubandika thamani ni lazima, naongeza kwenye kiolezo changu.

mtunza_klipu

Prompti ya kuchambua naandika Kiingereza, maana mafunzo ya Wan yalikuwa Kichina na Kiingereza. Mteja hasomi Kiingereza vizuri. Niweke safu ya tafsiri?

Bi Shoti

Weka safu ya Kiswahili, lakini isiwe tafsiri ya prompti. Iwe ni kile kinachotakiwa kuonekana, kwa lugha ambayo mteja anaweza kukubali au kukataa. Kwa S020 iwe: "Mikono ya mama inatenganisha karafuu mbichi na makonyo, juu ya mkeka. Karafuu ni za kijani na wekundu kidogo, bado hazijakauka." Prompti ndiyo jaribio la kulifikia hilo, na inaweza kubadilika mara tano wakati maneno ya Kiswahili hayajaguswa:

```
Close-up, a woman's hands separating fresh green and pink
clove buds from their stems over a woven palm mat, soft
morning light, static camera
```

Rangi iandike wazi kila mara. Ukisema karafuu tu, modeli inakwenda kwenye zile kavu za kahawia za dukani, na kwako hizo ni za S040 baada ya kuanikwa. Mtu wa Pemba ataliona kosa hilo kabla hujamaliza kufungua faili.

Kitu kidogo: kwenye seli prompti iwe mstari mmoja mrefu, usibonyeze Enter ndani yake. Ukipeleka CSV kwenye skripti rahisi inayosoma mstari kwa mstari, prompti moja itageuka kuwa tatu.

Mzee Kamera

Naona sasa. "Static camera" ndiyo kusema kamera kwenye miguu mitatu. Na hiyo safu ya Kiswahili ndiyo skripti. Nimeridhika.

mtunza_klipu

Jina la faili. Nimeweka fomula ya kuunganisha A, B na C, nikaibandika kwenye `filename_prefix`, lakini faili inayotoka haifanani na jedwali. Inatoka na mkia.

seli_na_safu

ComfyUI inaongeza namba yake daima. Ukiipa `S020_P01_v03`, `Save Video` inatoa `S020_P01_v03_00001_.mp4`, na mstari wa chini baada ya namba. Ukitumia `Video Combine` ya VHS, mkia ni `_00001.mp4` bila huo mstari wa mwisho. Chagua moja na uandike mkia kwenye fomula ya I:

```
=A5&"_"&B5&"_v"&TEXT(C5,"00")&"_00001_.mp4"
```

Usijaribu kuuondoa mkia. Una kazi nzuri: ukiona kwenye folda faili inayoishia `_00002_`, maana yake uliendesha mara mbili kwa jina moja, yaani kuna jaribio lisilo na mstari kwenye jedwali. Ni kengele ya bure.

Herufi, namba na mstari wa chini tu kwenye majina. Nafasi usiweke. Na usiweke maneno kama `S030_ng'ombe`, ile alama ya ng' inavunja orodha ya kuunganisha ya ffmpeg, kwa sababu inafunga nukuu katikati ya jina.

mtunza_klipu

Nimefanya. Mstari wangu wa kwanza kamili, prompti nimeiacha:

```
S020 | P01 | 03 | 2.5 | 57 | W22-A | 845120377169402 | S020_P01_v03_00001_.mp4
```

Lakini nikiiweka kwenye hariri, mikono inakimbia kama filamu za zamani, na klipu ni fupi kuliko 3.5. Imekuwa sekunde 2 na kidogo.

nguli_255

Hiyo ni modeli. Ongeza "slow motion" kwenye prompti.

Bi Shoti

Usiguse prompti kwanza. 57 gawa kwa 24 ni 2.375. Sekunde 2 na kidogo inafanana sana na faili iliyoandikwa fremu 24 kwa sekunde badala ya 16. Muulize faili lenyewe:

```
ffprobe -v error -count_frames -select_streams v:0 -show_entries stream=width,height,r_frame_rate,nb_read_frames -of csv=p=0 S020_P01_v03_00001_.mp4
```

Jibu sahihi ni `832,480,16/1,57`. Ukipata `24/1`, angalia `fps` kwenye nodi ya `Create Video`. Na ukipata `16/1` basi ni programu ya hariri imeisoma klipu kwa kasi ya taimlaini yake.

mtunza_klipu

`832,480,24/1,57`. Ni nodi. Nimerudisha 16, mikono imetulia, prompti ileile.

nguli_255

Sawa, nimenyoosha mikono.

seli_na_safu

Basi ongeza safu ya ukaguzi, ubandike humo jibu la ffprobe. Namba ya mwisho ifanane na E. Isipofanana, mstari huo una kasoro kabla hata hujautazama.

Sauti ya Pwani

Na majaribio yaliyokataliwa mnayapeleka wapi? Mimi nayakata nayaweka shiti nyingine, la sivyo mteja akifungua anaona mistari hamsini anachanganyikiwa.

Bi Shoti

Mimi siyahamishi. Mteja nampa mwonekano uliochujwa, safu ya J ikiwa "imekubaliwa". Mstari ukikatwa kutoka shiti moja kwenda nyingine, mpangilio wa v01, v02, v03 unavunjika, na ndiyo unaokuonyesha neno gani liliongezwa na likabadilisha nini. Lakini safu ya J isiandikwe "mbaya" tu. Andika kasoro na inapoanzia: "vidole sita kuanzia 2.8". Kwa shoti ya sekunde 2.5 hiyo klipu bado ni nzima ukikata kabla ya hapo.

Sauti ya Pwani

Kuchuja kwenye simu ya mteja ni shida, dada. Nitabaki na shiti mbili.

mtunza_klipu

Faili nimemtumia kwa WhatsApp, akachagua. Baadaye nikiburuta hiyo aliyonirudishia ndani ya ComfyUI, haifungui mpangilio. Si zinahifadhiwa ndani ya video?

seli_na_safu

Zinahifadhiwa kwenye ile iliyotoka ComfyUI yenyewe. WhatsApp imeibana upya na maelezo ya ndani hayapo tena. Tumia jina. Kama hata jina limebadilishwa kuwa `VID-` na tarehe, mwambie ataje S na P na v. Wengine huandika jina juu ya picha kwenye nakala ya mteja, kona ya chini, ni kazi ya dakika moja kwenye programu ya hariri.

mtunza_klipu

Hiyo nitaifanya. Swali la mwisho kwa leo. S050, gunia linafungwa, mteja anataka sekunde 7 bila kukata. Fomula inanipa fremu 129.

Bi Shoti

Usiipe 129. Wan ya 14B imezoea 81, na ukivuka hapo mara nyingi kitendo kinaanza kurudi kilikotoka. Gunia litafungwa kisha litajifungua.

Igawe mistari miwili, P01 sekunde 4 na P02 sekunde 3. P02 inaanzia kwenye fremu ya mwisho ya P01, kwa hiyo si maandishi kwenda video tena, ni picha kwenda video. Hiyo ni modeli nyingine, faili zake zina `i2v` kwenye jina, na kodi mpya ya setingi, tuseme W22-I. P01 isikatwe mwishoni, ile nusu sekunde ya ziada ya upande huo hapa haipo, na vivyo hivyo mwanzo wa P02. Kwa mistari hiyo miwili, kwenye fomula badilisha `+1` ya kwanza iwe `+0.5`.

Fremu ya mwisho ihifadhi kama PNG moja kwa moja kutoka ComfyUI. Kama umebaki na mp4 tu:

```
ffmpeg -sseof -0.1 -i S050_P01_v02_00001_.mp4 -update 1 S050_P01_v02_mwisho.png
```

Ongeza safu ya picha ya kuanzia na uandike humo jina hilo kamili, pamoja na v02. Ukizalisha P01 v03 kesho, P02 zote zilizotokana na v02 hazifuati tena, na safu hiyo ndiyo itakayokuambia zipi.

mtunza_klipu

Nimejaribu. Kiungo kinaonekana, P02 imekuwa na mwanga kidogo zaidi kuliko P01.

seli_na_safu

Ulitoa picha kwenye mp4? Jaribu ya PNG kutoka ComfyUI kwanza.

Bi Shoti

PNG inapunguza, haiondoi yote. Mimi huwa nasahihisha rangi kwenye hariri na kuandika kiasi kwenye J. Mwenye njia bora ya kiungo hicho ailete hapa.